Wiki moja na watoto wakubwa: hoteli ya kila kitu ndani, au Kondoa na Babati?

*Shikamoo Shangazi. Tunaishi Dodoma, tuna watoto wawili: binti wa miaka 15 aliye kidato cha tatu na mdogo wake wa kiume wa miaka 12. Mwezi wa sita mimi na mume wangu tumepata likizo ya wiki moja kwa pamoja, jambo ambalo halijatokea kwa miaka minne. Baba yao anataka twende Zanzibar, hoteli ya ufukweni ambayo ukishalipa, chakula na vinywaji vyote viko ndani. Ametajiwa shilingi 250,000 kwa mtu mzima kwa usiku, watoto nusu yake, akapata 4,500,000 kwa siku sita. Jumla tuna milioni 6. Watoto wanasema hawataki kukaa sehemu moja wiki nzima. Binti anataka kuona michoro ya miambani ya Kondoa aliyoisoma kwenye historia, na wa kiume anauliza kila kitu anachokiona barabarani. Mimi moyo wangu uko kwa watoto, lakini nimechoka. Najua tukienda wenyewe, mpangaji, mpishi na mtafuta choo nitakuwa mimi. Nishauri. Mama Wawili, Dodoma.*

Marahaba, mwanangu. Nimekaa miaka mingi kwenye meza ya kukatia watu safari hapa Dodoma, na barua kama yako huwa naianza kwenye umri wa watoto. Bahari nairudia baadaye.

Mrudishe baba kwenye ile hesabu. Hoteli nyingi za namna hiyo humhesabu mtoto mpaka miaka 11. Akifika 12 analipa kama mtu mzima, na wa kwako wote wawili wameshafika. Kwa hiyo ni watu wazima wanne, 250,000 mara nne, milioni moja kwa usiku. Kwa siku sita ni milioni 6 kamili, na hapo hamjalipa treni, boti wala gari la kuwatoa bandarini. Tena bei ya mtu mmoja hupangwa kwa watu wawili chumba kimoja. Binti wa miaka 15 na mdogo wake wa kiume wa miaka 12 mtawalaza wapi? Kama ni chumba kimoja na ninyi, uliza kitanda cha tatu na cha nne ni vitanda kweli au ni godoro la kutandikwa sakafuni jioni. Nimeona familia ikiligundua hilo mapokezini saa mbili usiku, watoto wamechoka, na hakuna chumba kingine.

Sisemi hoteli inawadanganya. Aliyepiga simu hakuulizwa umri, akasema "watoto wawili", na akajibiwa kama watoto wawili. Apige tena, ataje miaka yao, aseme ninyi ni wakazi wa Tanzania kwa sababu hoteli nyingi zina bei ya wakazi, kisha aombe jumla ya familia nzima kwa maandishi. Hapo ndipo mtajua mnalinganisha nini na nini.

Kuna jambo jingine kuhusu malipo ya namna hii, na ndilo linaloamua kwa watoto kama wako. Ukishalipa kila kitu ndani, kila mara unapotoka nje unalipa mara mbili. Mkienda Mji Mkongwe kutwa nzima, mtalipa gari, kiongozi na chakula cha mchana, na kule hotelini chakula chenu cha mchana kimeshalipiwa watu wanne kikabaki mezani. Baba ataliona hilo siku ya pili tu. Atasema, "Tukae leo, tumeshalipia." Siku ya tatu atasema hivyo tena, na hatakuwa amekosea. Mpango wenyewe umetengenezwa kumfaa mtu asiyetaka kutoka. Mtoto wa miaka sita ana bwawa, mchanga na chumba cha michezo chenye mlezi, na anaridhika. Vyumba vile vya michezo hulenga watoto wadogo. Wa miaka 15 hana lake pale isipokuwa simu.

Bahari yenyewe nayo ina ratiba yake. Pwani ya mashariki ya Unguja maji yakikupwa huondoka mbali sana, ukabaki mchanga, majani na mwamba, na kuogelea kunasubiri saa kadhaa mpaka yajae tena. Mwezi ukiwa mchanga au mpevu ndipo bamvua, na maji huondoka mbali zaidi. Upande wa kaskazini, Nungwi na Kendwa, tofauti hiyo ni ndogo. Asiyejua hilo huchagua hoteli kwa picha iliyopigwa maji yamejaa.

Ongeza na njia. Treni ya SGR kutoka Dodoma hadi Dar es Salaam, kuhamia bandarini, boti ya kama saa mbili, halafu gari la zaidi ya saa moja hadi mashariki. Ni safari nzuri, lakini imekula siku. Na kurudi siku nyingine. Katika siku zenu saba, mbili ni za njiani.

Kwa hiyo mwezi huu wa sita mimi ningewapeleka Kondoa na Babati. Ila nisikilize vizuri, kwa sababu hofu yako ni ya kweli na mara nyingi hutimia. Familia moja niliyoisaidia kupanga njia hiyohiyo ilirudi imechoka kuliko ilivyoondoka. Baba aliendesha mwenyewe siku zote. Kila siku walikuwa na vitu vitatu vya kuona, kila usiku kitanda kipya, kila mchana swali la "tunakula wapi". Kolo, kijiji cha kuanzia kwenda kwenye michoro, walifika saa sita, wakaanza kupanda mlima saa saba mchana, mtoto mdogo akakaa kwenye jiwe akakataa kwenda mbele. Mama alinipigia simu jioni ile akilia. Mahali hapakuwa na kosa. Kilichowamaliza ni kwamba kila saa kulikuwa na jambo la kuamua.

Na hicho ndicho kinachouzwa na ile hoteli, mwanangu. Unalipia kutoulizwa. Chukua hicho ukipeleke Kondoa.

Anza na kitanda. Wiki nzima vitanda viwili tu: usiku tatu Kondoa mjini, usiku tatu Babati. Umbali wa Dodoma hadi Kondoa ni kama kilomita 160, lami mpaka mwisho, na lami hiyohiyo inaendelea hadi Babati. Mnaondoka Jumatatu baada ya chai, mchana mmeshafika, hakuna aliyeamshwa saa kumi alfajiri. Gesti za Kondoa ni za kawaida, msitegemee bwawa. Ulizia kwa simu vyumba viwili vya selfu vinavyotazamana au kupakana, maji ya moto ya kuoga, neti zisizotoboka, na mahali pa kulaza gari. Mwezi wa sita nyanda zile zina baridi usiku na upepo wa vumbi mchana, kwa hiyo kila mtu na sweta lake.

Halafu chakula, ambacho ndicho kinakutisha. Unapoweka nafasi, omba kuongea na anayepika, siyo wa mapokezi. Mwambie: chai nzito saa mbili, chakula cha jioni saa moja, watu wanne na dereva, siku tatu, na mpatane bei ya jumla. Umpe na orodha ya siku tatu, jambo linalochukua dakika kumi. Kuku wa kienyeji hachemki kwa nusu saa, na anayeagiza saa moja usiku hula saa tatu. Mchana mtabeba: chapati, mayai ya kuchemsha, ndizi, karanga, maji lita mbili kwa kila mtu. Kuanzia hapo hakuna atakayekuuliza tunakula nini, na akikuuliza, mwelekeze kwenye ile karatasi.

Gari mlikodi pamoja na dereva, hata kama mna lenu. Najua baba ataona ni hasara. Mwambie kwamba dereva wa familia hana likizo: anawaza mafuta, anawaza tairi, jioni analala kwanza kuliko wote. Mpatane kwa maneno yaliyo wazi bei ya siku, mafuta ni ya nani, na dereva analala na kula kwa gharama ya nani. Liwe gari lililoinuka, maana kutoka barabara kuu ya Kolo kwenda kwenye miamba ni njia ya mchanga na mawe ambayo gari dogo hukwama. Mwezi wa kumi na mbili mvua ikianza njia hiyo hugeuka kabisa. Mwezi wa sita ni mkavu, mmepata wakati wake.

Na sheria ya mwisho: tembezi moja kwa siku, iishe kabla ya saa saba mchana, na siku moja katika kila mji isiwe na tembezi lolote. Baada ya saa saba wewe na baba mnalala. Watoto wa umri huo wanaweza kwenda sokoni na kurudi wenyewe, na kwao hiyo nusu saa ya kwenda kutafuta miwa bila mama ni sehemu ya safari.

Sasa Kolo yenyewe, maana huko ndiko binti yako atakakokuwa na la kusema mezani kwa mwaka mzima. Muwe mmeondoka Kondoa saa moja asubuhi. Kolo iko barabara ya kwenda Babati, na pale kijijini kuna ofisi ya michoro hiyo. Mnalipa kiingilio, mnapewa kiongozi, na bila kiongozi haiendwi. Chukueni vitambulisho, maana Mtanzania ana bei yake. Mwombeni awapeleke Mongomi wa Kolo. Mnapanda kwa miguu kwenye mteremko mkali wenye mawe, kwa hiyo viatu vya kufunga, siyo kandambili. Juu kuna miamba iliyoinama kama baraza, na chini ya baraza hizo ndiko walikochora.

Michoro myekundu ni ya wawindaji: watu warefu wembamba wenye vichwa vikubwa vya ajabu, twiga, tembo, pofu. Ile myeupe ni ya baadaye, ya wakulima, na mara nyingine imepakwa juu ya myekundu. Mwambie binti atafute mahali rangi mbili zinapokutana aseme ipi ilitangulia na amejuaje. Hilo ndilo swali wanaloanza nalo hata watafiti. Kuna mchoro mmoja maarufu wa mtu aliyeshikwa mikono, wengine wakimvuta huku na wengine kule. Mtafiti wa mambo ya kale Mary Leakey alinakili michoro ya Kondoa mwaka 1951, na kwa miaka mingi mchoro huo ulisomwa kuwa ni mwanamke anatekwa. Wengine baadaye wakasema hapana, ni ngoma ya uganga, na anayeshikwa amepandwa na hali ya ngoma. Msiwape watoto jibu. Waacheni wasimame wabishane wenyewe mbele ya jiwe, kiongozi akisikiliza.

Wa miaka 12 mpe daftari na penseli, achore anachokiona. Kuna sababu mbili. Kwanza, kugusa hairuhusiwi, na mikono yenye kazi haigusi. Pili, anayechora huangalia muda mrefu, na katika miamba ile macho huzoea polepole: dakika ya kwanza unaona mnyama mmoja, dakika ya kumi unaona saba. Wala msiimwagie michoro maji ili rangi ing'ae kwa ajili ya picha. Maji huimaliza.

Atauliza kuhusu mashimo yaliyochimbwa chini ya baadhi ya miamba. Mwambieni ukweli: watu huchimba wakitafuta mali wanayoamini Wajerumani waliificha, na wanachoharibu ni udongo ambao ungeeleza walioishi pale walikula nini na walitumia zana gani. Atakuta pia dalili za tambiko. Mongomi bado ni mahali ambapo wenyeji huenda kuomba mvua na uponyaji, kwa hiyo mkikuta watu, mnasubiri mbali bila kupiga picha. Eneo hili liliingia kwenye urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 2006, na sehemu ya sababu ni hiyo, kwamba bado linatumika.

Tembelea miamba miwili au mitatu, basi. Kiongozi atawaambia ipo mingi zaidi, na ni kweli, ipo zaidi ya 150 yenye michoro. Wa nne mtauona kwa macho yaliyochoka.

Siku nyingine ya Kondoa, toeni asubuhi moja kwenda njia ya Haubi mkaone makorongo. Mwanao anayeuliza kila kitu atauliza nani alichimba mabonde yale mekundu. Ni maji, kwenye ardhi iliyokuwa imekwisha majani kwa malisho na kilimo. Mradi wa HADO, yaani Hifadhi Ardhi Dodoma, ulianza mwaka 1973, na mwaka 1979 serikali ikaondoa mifugo yote kwenye eneo lililomomonyoka. Mkimpata mzee anayekumbuka, mwamkieni, mkae, mumuulize ng'ombe wa kwao walikwenda wapi. Atawaambia majani yaliyorudi na atawaambia na maziwa yaliyoondoka. Hakuna hoteli ya kumpa mtoto mazungumzo hayo. Kondoa ni mji wa Waislamu wengi, kwa hiyo wewe na binti muwe na khanga za kujitanda.

Babati nitaipitia haraka kwa sababu inajieleza. Ziwa liko palepale mjini, lina viboko, na wavuvi huwatoa watu kwa mtumbwi asubuhi. Mwende na mvuvi mzoefu, mpatane asiwasogelee viboko, na asiyejua kuogelea abaki ufukweni kama hakuna jaketi la kuokolea. Siku moja mwende Tarangire, mkitoka kabla ya jua na kurudi jioni. Hiyo ndiyo siku pekee ndefu ya wiki nzima, na siku inayofuata ni ya kulala. Kuanzia mwezi wa sita vidimbwi vya nje hukauka na tembo huanza kurudi mtoni, na mibuyu ya kule hata baba atainuka kwenye kiti kuipiga picha. Kiingilio cha hifadhi hakilipwi kwa fedha taslimu langoni. Dereva awaandalie kumbukumbu namba ya malipo siku moja kabla, la sivyo mtakaa pale mkihangaika na mtandao huku asubuhi inakwisha.

Fedha yenu ya milioni 6 hamtaimaliza huko. Vitakavyokula zaidi ni gari na siku ya Tarangire. Ukishapata bei hizo mbili kwa simu, umejua karibu safari yote.

Kama baba bado roho yake iko baharini, usimshinde kwa maneno, naye amechoka kama wewe. Mwezi wa kumi na mbili Kondoa ina mvua, na hapo mpeni Zanzibar yake. Ila mchukue bei ya malazi na kifungua kinywa tu, usiku mbili Mji Mkongwe na tatu kaskazini, ili kutoka nje kusiwe hasara. Na nikwambie kitu kimoja kwa upendo: kama uchovu wako ni wa kiasi cha kushindwa kuamka, kulia bila sababu, kutotaka kuona mtu, basi achana na mipango yangu yote. Muone daktari kwanza, halafu nenda kwenye ile hoteli, watoto wavumilie. Lakini mtu aliyeandika kwamba moyo wake uko kwa watoto, nadhani bado anaweza kupanda Mongomi.

Piga simu tatu wiki hii: gesti ya Kondoa, gesti ya Babati, na dereva. Kila mtoto achague asubuhi moja ambayo yeye ndiye mwenye neno, na siku hiyo ninyi wazazi mnafuata tu. Na mrudi Jumapili mapema, muwe nyumbani saa saba mchana, ili kufua kuwe kwenu wote wanne na Jumatatu isikukute na sufuria.